Msiba Una Mwenyewe: Jinsi ya Kuandika Rambirambi ya Mtu Maarufu Bila Kubeba Uvumi

Nilikaa miaka kadhaa nyuma ya dirisha la kupokea matangazo ya vifo redioni. Mtu anakuja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto, macho mekundu, hela mkononi, na mimi nampangia maneno. Tangazo lilikuwa na umbo lake, halibadiliki: "Bwana Fulani wa Magomeni, Dar es Salaam, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana huko Korogwe. Mazishi yatafanyika kesho saa 10 jioni. Habari ziwafikie Fulani wa Tanga na Fulani wa Mwanza. Popote walipo, wasikiapo tangazo hili wafike bila kukosa."

Angalia neno la kwanza linamtaja nani. Linamtaja anayetangaza, na marehemu anakuja baadaye. Kisha angalia kisichokuwemo kabisa: amekufa kwa nini. Mara chache mtu alisema "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na hapo alikuwa ameamua mwenyewe kusema. Bila jina la mtangazaji na uhusiano wake na marehemu, karatasi ilirudi dirishani. Nilirudisha nyingi, na watu walinichukia.

Siku hizi sipo dirishani, ila akifa mwanasiasa, mwanamuziki au mwanariadha, naona rambirambi zinavyoandikwa kwenye simu, na nakumbuka ile karatasi. Watu wana uchungu wa kweli, lakini katika mistari mitatu ya uchungu wanapitisha habari nne ambazo hakuna aliyezithibitisha. Njia ninayoifuata mimi ndiyo hii. Ukishaizoea haikuchukui zaidi ya dakika kumi.

Kwanza: mtafute mwenye msiba

Kabla ya kuandika hata "poleni", jiulize: nani ametangaza? Nani ameleta kwenye kundi ni swali lingine, wala halina faida. Aliyeleta ni shemeji yako, naye kaletewa na mwenzake wa kazini. Unayemtafuta ni yule ambaye, zama zetu, jina lake lingekuwa mwanzo wa tangazo.

Kwa rais aliyepo au aliyestaafu, mwenye msiba wa kutangaza ni serikali, na kwa aliyestaafu mara nyingi ni rais aliyepo mwenyewe. Kwa msanii ni familia au meneja wake. Kwa mchezaji ni familia, klabu au shirikisho. Kwa askofu ni jimbo lake, na kwa kiongozi wa Kiislamu ni familia au baraza. Ikiwa ni ajali, polisi wa eneo husika huwa wa kwanza, nao wana haki ya kusema nani yumo na nani hayumo kwa sababu wao ndio waliofika.

Ukishamjua, nenda kwake mwenyewe. Usitosheke na picha ya tangazo lake. Tanzia yenye mshumaa, maua meupe na nembo ya ofisi mtoto wa sekondari anaitengeneza akisubiri chai ichemke. Fungua ukurasa wa ofisi, wa klabu au wa familia, uone kama tangazo lipo pale, kisha soma tarehe. Kuna tanzia za kweli za watu waliokufa miaka sita iliyopita ambazo huamka upya kila mara, na watu wanalia upya, wengine wakiuliza mazishi lini.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Jioni moja niliandika kwenye kundi la ukoo rambirambi ndefu ya mwimbaji wa taarabu niliyempenda tangu ujana. Niliweka na ubeti. Baada ya dakika chache simu ikaita, kumbe mmoja wa wakwe zetu ni mpwa wake. "Baba mdogo, umemzika mama yangu na hapa anakula wali?" Sikuwa na la kusema. Mtu wa dirisha la vifo, miaka yote ile ya kurudisha karatasi za wenzangu!

Usipompata mwenye msiba, subiri. Rambirambi haichachi. Ikifika saa tatu baadaye, au kesho asubuhi, bado ni rambirambi.

Najua utaniuliza: na mwenye msiba akichelewa? Akikanusha kilicho kweli? Hutokea. Machi 2021 Rais John Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani tangu mwishoni mwa Februari. Uvumi ukamlaza Nairobi, ukamhamishia India, ukamrudisha. Tarehe 12 Waziri Mkuu alisema Rais yupo, mzima, anachapa kazi. Usiku wa tarehe 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatokea kwenye televisheni na kutangaza kuwa Rais amefariki siku hiyo katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, kwa maradhi ya moyo. Wapo wanaosema hadi leo: unaona, uvumi ulikuwa sahihi. Mimi naona vingine. Uvumi ulipatia kwamba kuna jambo, kisha ukaweka nchi, hospitali na tarehe zake, na yule aliyeandika "amefia India" alikuwa amembeba marehemu wa watu na kumlaza mahali ambapo tangazo rasmi halikumweka. Kuwa na shaka na ukimya wa wakubwa ni haki yako. Andika kuhusu huo ukimya ukitaka, lakini yaandike kama maswali ya raia, mahali pake, usiyavike kanzu ya rambirambi.

Pili: tenga "amefariki" na "amefarikije"

Hapa ndipo penye kazi. Habari ya kifo ni habari tatu zilizofungwa kanga moja. Kuna kwamba amefariki. Kuna namna ilivyotokea: wapi, saa ngapi, akiwa na nani. Na kuna sababu: ugonjwa gani, kosa la nani. Hizi tatu hazithibitishwi pamoja. Ya kwanza huweza kuthibitishwa ndani ya saa moja, ya pili ikachukua siku, ya tatu ikangoja daktari wa maiti, na pengine mahakama. Rambirambi inahitaji ya kwanza tu.

Tuchukue kifo kimoja tukifuate. Jumapili ya Februari 11, 2024, saa 5 usiku hivi, mwanariadha Mkenya Kelvin Kiptum alipata ajali ya gari kwenye barabara inayounganisha Eldoret na Kaptagat, Kenya. Alikuwa na miaka 24, na siku chache tu zilikuwa zimepita tangu shirikisho la Riadha ya Dunia liidhinishe rekodi yake ya marathoni. Usiku uleule polisi wa kaunti ya Elgeyo Marakwet walisema mambo machache: Kiptum ndiye aliyekuwa akiendesha, gari liliacha njia, likaingia mtaroni na kugonga mti, yeye na kocha wake Gervais Hakizimana wa Rwanda wamefariki papo hapo, na abiria wa tatu amejeruhiwa na kupelekwa hospitali.

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mkononi usiku ule. Kwa nini gari liliacha njia, hakuna aliyejua. Kufikia asubuhi simu zilikuwa zinajua kila kitu. Kisha baba yake akawaambia waandishi kuwa siku chache kabla watu wanne asiowajua walifika nyumbani wakimuulizia mwanawe, na akaomba uchunguzi ufanyike. Hiyo ni kauli ya baba mfiwa, na ana haki nayo. Lakini tazama ilivyosafiri: baba alisema "walikuja watu nisiowajua, naomba uchunguzi", na kundi la tatu lililoipokea likaandika "waliomuua wamejulikana". Kutoka ombi hadi hukumu, hapakupita hata siku mbili. Daktari wa serikali alipofanya uchunguzi wa mwili, kabla ya maziko ya Februari 23, alieleza majeraha makubwa ya kichwa, aina ya majeraha yanayotokana na ajali kama ile, na sampuli zikachukuliwa kwa vipimo zaidi.

Sasa fikiria umeandika saa 7 usiku ule, umelala, umeamka. Kama uliandika la kwanza tu, maneno yako yamesimama hadi leo. Kama uliandika la pili au la tatu, ungelazimika kuyarekebisha mara mbili kabla ya mazishi, na ni nani hurekebisha?

Kipimo changu ni hiki: soma ulichoandika, halafu ujiulize kama kesho asubuhi polisi, daktari au familia wanaweza kusema jambo litakalofanya sentensi hii iwe uongo. Ikiwa wanaweza, ifute. "Kiptum ametutoka" haiwezi kugeuka. "Usingizi barabarani umetuulia bingwa" inaweza.

Tatu: chuja maneno madogo

Kiswahili kina vijineno vinavyofanya mtu ajione hajasema kitu wakati amesema chote. Hapa ndipo hata watu waangalifu wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna "eti", "inasemekana", "inadaiwa", "nasikia", "wanasema". Mwandishi wa habari akitumia "inadaiwa" anapaswa kukuambia nani anadai na wapi. Wewe ukilitumia kwenye rambirambi hakuna anayedai zaidi ya wewe, na msomaji akishapita hilo neno anabaki na habari yenyewe. Kesho atamwambia mwenzake bila "inasemekana". Ni kama kumpa mtu maji ya kisima usichokijua kisha ukasema "sijayaonja mimi".

Kuna swali. "Hivi ni kweli alikuwa na...?" Unadhani umeuliza. Umetangaza. Aliyekuwa hajui sasa anajua kuna kitu cha kujua, na jina la ugonjwa limeshakaa karibu na jina la marehemu.

Kuna maombi yenye kidole ndani. "Mungu anawaona." "Damu yake haitapotea bure." "Malipo ni hapa hapa duniani." Ukimsoma haraka unaona mcha Mungu anaomboleza. Lakini Mungu anawaona akina nani? Sentensi imeshamuua marehemu kwa mkono wa mtu, imebakiza jina tu, na wanaofuata chini watalijaza. Nimeona majina ya watu hai yakiorodheshwa kwa furaha chini ya dua kama hiyo.

"Mkono wa mtu" wenyewe sihitaji kuueleza. Kwetu kifo cha mtu mashuhuri mwenye umri mdogo hakikosi mkono wa mtu. Ni namna yetu ya zamani ya kukataa kwamba kijana anaweza kwenda hivi hivi, na kwa huo ukataaji simlaumu mtu. Ila ukiandika, umeacha kukataa na umeanza kushtaki.

Kisha kuna vitenzi vyenyewe. "Amefariki", "amefariki dunia", "ametutoka", "hatunaye tena", "ametangulia mbele ya haki": vyote hivi vinasema kifo bila kusema namna. "Ameuawa" na "wamemmaliza" vinasema kosa. "Amejiua" inasema namna, na inaingia mahali ambapo hata daktari huenda polepole. Kwa hilo la mwisho mimi ni mkali zaidi. Hata likithibitishwa, rambirambi haitaji njia iliyotumika wala haiweki sababu moja rahisi ya mapenzi au madeni. Shirika la Afya Duniani linawaomba waandishi wa habari hivyohivyo, kwa kuwa maelezo ya njia yanaweza kumdhuru msomaji aliye katika hali kama ile.

Na kuna yale yanayopita kwa upole hadi hutayashuku. "Umepambana sana, sasa pumzika" inasema aliugua muda mrefu. "Kifo cha ghafla" inasema hakuugua. "Umeondoka bila kutuaga" ni salama, maana hiyo ni hali yetu sisi tuliobaki. "Ameacha mjane na watoto watatu" ni hesabu ya nyumba ya watu, na nimeona marehemu mmoja akipewa watoto watatu, watano na saba katika jioni moja. Umri nao, ukiwa huna uhakika, uache.

Nne: jaza nafasi kwa unachokijua mwenyewe

Ukishatoa hayo yote, unaweza kuona rambirambi imebaki mifupa. Watu wengi hubeba uvumi kwa sababu hiyo hiyo. Hawana ubaya, ila wanaona "pumzika kwa amani" ni fupi mno kwa uchungu walio nao, wanatafuta cha kuongeza, na kilicho karibu ni habari ya kifo.

Cha kuongeza kipo kwenye maisha. Tena hicho unakijua kuliko unavyokijua kifo.

Kiptum alikimbia marathoni tatu tu maishani, akashinda zote tatu. Valencia, Desemba 2022, ya kwanza kabisa: 2:01:53. London, Aprili 2023: 2:01:25. Chicago, Oktoba 8, 2023: 2:00:35, rekodi ya dunia, sekunde 34 chini ya ile ya Eliud Kipchoge. Kocha Hakizimana alisimulia jinsi alivyomfahamu akiwa mtoto mchungaji aliyekuwa akiwafuata wanariadha bila viatu. Katika hayo chagua kimoja. Usiweke vyote, hii si risala. Kisha weka ulipokuwa wewe: nilikuwa kibandani kwa fundi simu, tukaacha kazi, tukaangalia saa ile ya Chicago.

Mkuu wa Riadha ya Dunia, Sebastian Coe, alitoa salamu zake kwa ufupi, na ukizisoma utaona zimekaa vilevile. Alimtaja Kiptum na kocha wake pamoja, akatoa pole kwa familia, marafiki, wenzao wa timu na taifa la Kenya, akakumbusha kuwa ni wiki ileile alipokuwa Chicago akiidhinisha rekodi yake. Kuhusu gari, barabara, usiku: hamna hata neno. Hakuna aliyesoma akaona zimepungua.

Hapo nipenyeze jambo linaloniuma. Wengi sana walimsahau Hakizimana. Alikuwa mwalimu, alikufa kwenye gari lilelile, na kwao Rwanda kulikuwa na msiba. Mahali penye waliokufa zaidi ya mmoja, angalau waandike wote hata kama jina moja ndilo ulilokuwa ukilijua. Aliyejeruhiwa, kinyume chake, usimtaje jina. Hajafa, si mtu wa hadhara, na atakapopona atakuta simu nzima inamjadili.

Mfano mmoja, kutoka rasimu hadi mwisho

Rasimu hii nimeitunga mwenyewe, kwa kuokota vipande vya aina niliyoiona ikizunguka usiku ule na siku zilizofuata. Hakuna kilichothibitishwa ndani yake zaidi ya kifo chenyewe:

"Jamani Kiptum wetu ametuacha!! Eti gari lilifeli breki, na inasemekana kuna watu walikuwa wanamfuatilia. Mtoto mdogo hivyo na rekodi juu, huu ni mkono wa mtu tu. Mungu anawaona. Pole kwa mkewe na watoto. RIP bingwa."

Nianze na kinachofaa. "Kiptum wetu ametuacha" inabaki, ina moyo. "Eti gari lilifeli breki" inatoka: polisi walisema liliacha njia, hawakusema breki. "Kuna watu walikuwa wanamfuatilia" inatoka, kwani ni kauli ya mzazi iliyogeuzwa umbo. Anayetaka kuizungumzia aizungumze kama ilivyosemwa na aliyeisema, mahali pengine. "Mkono wa mtu" inatoka, na "Mungu anawaona" inatoka nayo kwa sababu ni pacha wake. "Mtoto mdogo hivyo na rekodi juu" ina kitu kizuri kilichofichwa, yaani umri na kazi yake, ila imetumiwa kama ushahidi wa mauaji. Tunaikomboa. Pole kwa familia inabaki, ila tunasema "familia", maana hatujui nani yuko wapi usiku huu na nani ameshaambiwa.

Inabaki hivi:

"Kiptum wetu ametuacha, na kocha Hakizimana pamoja naye. Miaka 24, marathoni tatu, ushindi tatu. Siku ile ya Chicago tulisimamisha kazi kibandani kuangalia saa ikigoma kufika saa mbili na dakika moja. Poleni sana familia zote mbili, poleni Kenya, poleni Rwanda. Pumzikeni kwa amani."

Ihesabu kama ni ndefu kuliko rasimu. Hazipishani sana. Na hakuna atakayekuja kesho kusema umekosea.

Tano: maneno ya dini na ya pole

Hapa sikai sana. Kama hujui dini ya marehemu, "pumzika kwa amani" na "poleni wafiwa" havimkwazi mtu. Ukiwa Mwislamu na ukaandika "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un", andika yote, usiifupishe kuwa herufi nne kama namba ya gari. "Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi" wengine wameizoea, wengine wanaona unampangia Mungu, mimi naiacha. Picha ya marehemu akiwa hospitalini, au ya gari lililobondeka, haiendi na maneno yoyote kati ya haya.

Sita: watakaokuuliza

Ukiandika vizuri, wa kwanza kukujibu atauliza: "Alikuwa anaumwa nini?" Wala si mbaya, ni mazoea. Msibani kwetu huwezi kuketi mkekani dakika tano bila kuuliza hivyo. Ila mkekani anayejibu ni shangazi wa marehemu, na hapa unayejibu ni wewe, mtu baki.

Jibu langu huwa fupi: "Familia haijasema. Tusubiri wao." Akiendelea na "mimi nimesikia ni...", simbishii. Ukimbishia utalazimika kurudia ugonjwa anaoutaja, na kila ukiurudia unaupandisha juu zaidi. Namwandikia pembeni, faraghani: "Ndugu yangu, hili tuliache mpaka wenyewe waseme, nakuomba ulifute." Kwa mtu mzima kuliko mimi naanza na shikamoo, na nusu yao hufuta.

Sababu ikishatangazwa na mwenyewe, unaruhusiwa kuitaja, na kuitaja kwa maneno yake. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alipofariki Februari 29, 2024, Rais Samia alitangaza jioni ileile: Hospitali ya Mzena, saratani ya mapafu. Hapo hakuna cha kunong'ona. Kwa Benjamin Mkapa, Julai 2020, mambo yalikwenda vingine. Ulikuwa mwaka wa korona, na kila kifo cha mzee kilikuwa na jina hilo tayari. Kwenye shughuli za kumuaga, ndugu wa familia akasimama mbele ya umma na kueleza kuwa mzee alilazwa akitibiwa malaria, na kwamba moyo ulisimama. Akasema wazi kuwa anaeleza ili watu waache kudhani. Fikiria hilo: mfiwa, katikati ya kuaga, anatumia muda wake kujibu simu zetu.

Saba: ukishakosea

Kama umeshaandika na sasa unaona umebeba kitu, usifute kimyakimya ukadhani yameisha. Waliosoma wamesoma, na pengine wameshapeleka mbele. Fanya hivi. Badilisha au futa maneno yenyewe, kisha andika chini mstari mmoja: "Niliandika habari ya namna alivyofariki ambayo haijathibitishwa. Nimeitoa. Kilichothibitishwa ni kifo tu." Usirudie habari yenyewe ndani ya masahihisho. "Nilisema breki zilifeli, si kweli" inaacha breki kichwani mwa msomaji. Kama uliipeleka kwenye makundi manne, mstari huo uende kote kunne. Ni aibu kidogo, haiui.

Na kama kosa lenyewe ni kubwa zaidi, yaani mtu yu hai, usifanye mzaha wa "basi ataishi miaka mingi". Watu husema hivyo kujikosha. Omba radhi kwa jina lako. Sheria nazo zipo: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na zote mbili zilipotungwa ziligusa habari za uongo. Lakini mimi, jioni ile ya taarabu, sikuwaza sheria. Nilimpigia yule mpwa, nikamwomba anipe simu kwa mama. Akaipokea, akanisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza kitu kimoja tu: ubeti niliouweka ulikuwa upi. Nikamsomea. Akasema, "Huo sikuimba mimi."